Fundi wa kigeni na kibali cha kazi: namna ya kuthibitisha kwamba Mtanzania hakupatikana

*"Kiwanda chetu cha kufungasha maji, Kibaha, kimenunua mashine mpya ya kupuliza chupa kutoka Uturuki na bosi anataka kumleta fundi wa hukohuko kwa miaka miwili. Niliomba kibali cha kazi, maombi yakarudishwa kwamba hatujathibitisha kuwa Mtanzania hakupatikana, ingawa niliambatisha barua ya kueleza kuwa tumetafuta tukakosa. Wanataka uthibitisho gani hasa, na nyaraka zipi?" — Afisa rasilimali watu, Pwani*

Ndugu yangu, barua uliyoambatisha ni kauli ya mwajiri kuhusu jambo analolitaka yeye mwenyewe, na Kamishna wa Kazi hawezi kuichukua kama ushahidi hata ikiwa kila neno lililomo ni kweli. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, Sura ya 436, inampa Kamishna wajibu wa kujiridhisha, kabla hajatoa kibali, kwamba juhudi zote zinazowezekana zimefanyika kumpata mtaalamu wa ndani. Neno lenye uzito hapo ni "juhudi". Afisa anayesoma faili lako anatafuta nyayo za juhudi hizo: kazi ilitangazwa wapi na lini, nani waliomba, walipimwa kwa kipimo gani, na kila mmoja alipungukiwa na nini. Asipoziona nyayo hizo hana namna ya kutofautisha kati ya kiwanda kilichotafuta kwa dhati na kile kilichokwisha kumchagua mgeni wake kabla ya kutafuta.

Kabla ya kurudia kazi hiyo, hakikisheni kwamba mnachohitaji ni kibali cha kazi. Ikiwa mtengenezaji wa mashine anamtuma mtu wake aje kuisimika, kuijaribu na kuwaonyesha mafundi wenu namna ya kuiendesha, kisha aondoke, safari ya namna hiyo hufanyika kwa viza ya biashara, ambayo haizidi siku 90 na imewekwa kwa ajili ya shughuli fupi kama matengenezo ya mitambo. Nimeona viwanda vikihangaika miezi kadhaa kuomba kibali cha miaka miwili kwa kazi ambayo ingekwisha katika wiki sita. Hata hivyo viza hiyo isigeuzwe kuwa ajira: fundi akishaanza kuingia zamu ya uzalishaji pamoja na wafanyakazi wenu, huyo ni mwajiriwa, na kumwajiri mgeni bila kibali ni kosa la jinai linalomgusa mwajiri pamoja na mgeni mwenyewe. Kwa kuwa bosi wako anazungumzia miaka miwili, ninaendelea kwa kuchukulia kwamba kibali kinahitajika. Haya yote yanahusu Tanzania Bara, kwani masuala ya kazi si ya Muungano na Zanzibar ina sheria yake na Kamisheni yake ya Kazi.

Uthibitisho huanzia mahali ambapo wengi hawapafikirii, yaani jina la kazi na maelezo ya majukumu. Katika mafaili mengi yaliyorudishwa ambayo nimeombwa kuyatazama, tangazo linasema "Fundi wa Mashine", mkataba unasema "Mhandisi wa Uzalishaji", na muundo wa uongozi wa kampuni unamwonyesha mtu huyohuyo kama "Meneja wa Kiwanda". Afisa akiona majina matatu ataona kazi tatu, na utafutaji uliofanyika kwa ajili ya kazi ya kwanza hauthibitishi chochote kuhusu ile ya tatu. Isitoshe, jina lina matokeo yake ya kisheria. Ukimwita mhandisi umemwingiza kwenye mamlaka ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhandisi wa kigeni hana budi kupata usajili wa muda wa Bodi hiyo. Kama anayekuja ni fundi sanifu wa mashine ya kupuliza chupa, mwite hivyo kila mahali, tangu tangazo hadi mkataba.

Maelezo ya majukumu yaandikwe na mtu anayeijua mashine, siyo na ofisi ya utumishi peke yake. "Kusimamia uendeshaji wa mitambo" ni sentensi isiyopimika, kwa sababu Watanzania maelfu wanasimamia mitambo kila siku. Mkae na msimamizi wenu wa uzalishaji mwandike kazi kama inavyofanyika: kupanga joto la taa za tanuri kwa kila ukubwa wa chupa, kubadili moldi na kurekebisha mwendo wa fimbo za kunyoosha, kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya kuongozea mashine na kuziondoa, kutunza mkandamizo wa hewa. Ukishaandika hivyo, utajua wewe mwenyewe ni sehemu ipi ya kazi ambayo fundi wa hapa anaiweza tayari na ni ipi ambayo pengine haiwezi bado. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayobeba maombi yako yote.

Tangazo lifuate maelezo hayo bila kuongeza sharti hata moja lisilotokana na kazi. Hapa nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Miaka mingi iliyopita niliandaa maombi ya kampuni moja, na mkurugenzi akasisitiza tuandike kwamba mwombaji awe anazungumza kwa ufasaha lugha ya nchi alikotoka yule mgeni. Nilijua sharti hilo halihitajiki, kwa sababu vitabu vya mashine vilikuwa kwa Kiingereza na wafanyakazi wote wa zamu walizungumza Kiswahili, lakini nilinyamaza nikaliandika. Hakuna Mtanzania aliyeomba, tukaona tumepata ushahidi wa kutosha. Maombi yalikataliwa, na afisa aliyenipokea dirishani aliniwekea kidole juu ya mstari ule wa lugha bila kusema neno. Alikuwa sahihi. Tangazo lililokatwa kwa vipimo vya mtu mmoja linathibitisha tu kwamba mtu huyo alikwisha kuchaguliwa.

Mshahara nao ni sehemu ya tangazo, hata usipoutaja. Mkataba wa mgeni unaambatishwa kwenye maombi na kiwango chake kinasomwa. Ikiwa mgeni atalipwa dola 2,500 kwa mwezi ilhali Watanzania waliosailiwa waliambiwa kwamba nafasi ina shilingi laki nane, swali litakalofuata ni kama fundi mzuri alikosekana nchini au alikosekana kwa bei hiyo. Swali hilo ni la haki. Mafundi wetu waliofanya kazi kwenye viwanda vikubwa vya vinywaji wapo, nao hawahami kwa laki nane. Toeni kwa Mtanzania nafasi ileile kwa masharti yanayolingana, na mweke kumbukumbu ya hilo kwenye kumbukumbu za usaili.

Kuhusu mahali pa kutangaza, lengo ni kwamba mtu mwenye ujuzi huo angeweza kweli kuliona tangazo. Liweke kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima, na utunze ukurasa mzima wenye tarehe, siyo kipande kilichokatwa. Liwasilishe kwenye huduma za ajira za Serikali, ambazo wengi bado tunaziita TaESA, na uhifadhi uthibitisho wa kulipokea. Kwa kazi ya ufundi kama yenu ningeongeza barua kwa VETA na kwa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam kuuliza kama wana wahitimu wenye uzoefu huo, kwa sababu jibu la taasisi, hata likiwa la mistari mitatu, ni ushahidi kutoka kwa mtu ambaye hana maslahi katika jambo hili. Mimi huacha tangazo likae wazi kwa wiki tatu. Siku tano ni chache mno, na afisa anajua kuhesabu.

Sasa tuje kwenye kiini, yaani kumbukumbu ya uchujaji, na nitaieleza kwa mfano unaofanana na kiwanda chenu. Tuchukulie kwamba mmepokea maombi 47. Usiandike kwamba "waombaji 47 hawakukidhi vigezo". Andaa jedwali lenye mstari kwa kila mwombaji, likionyesha elimu yake, uzoefu wake na hatua aliyoishia. Labda 28 hawana mafunzo yoyote ya umeme au mitambo, na hao wanaishia hapo. Wanabaki 19, na kati yao 13 wana stashahada au shahada lakini hawajawahi kugusa mashine ya kupuliza chupa. Wanabaki sita waliowahi. Hao sita unawaita wote, watano wanafika, na unawasaili mbele ya jopo lenye angalau mtu mmoja anayeijua kazi.

Usaili wa watu hao watano usiwe wa maneno matupu. Wapeni jaribio la vitendo, liwe lilelile kwa wote, na liandikwe kabla hawajafika. Jaribio moja ambalo nimeliona likifanya kazi vizuri ni la chupa mbili mbovu zilizowekwa mezani. Moja ina weupe unaometa kama lulu kwenye mabega yake, na nyingine ina ukungu kwa ndani kana kwamba imepuliziwa mvuke. Ya kwanza ilinyooshwa plastiki ikiwa bado ya baridi, ya pili ilipata joto lililozidi, na fundi anayejua kupanga taa za tanuri atakuambia tofauti hiyo mara tu anapozishika. Baada ya hapo anapelekwa kwenye mashine kubadili moldi, kisha anaonyeshwa hitilafu kwenye skrini na kuulizwa atafanya nini.

Matokeo yaandikwe kwa ukweli na kwa ukamilifu. Mstari mzuri wa jedwali husomeka hivi: "Mwombaji namba 14, stashahada ya uhandisi mitambo, miaka minne kwenye kiwanda cha chupa. Alibadili moldi kwa usahihi. Alitambua chupa yenye ukungu, hakutambua sababu ya chupa yenye weupe. Hakuweza kusoma hitilafu za kompyuta ya kuongozea mashine, kwani kazini kwake hufanywa na mtaalamu kutoka nje." Mstari huo unampa afisa kitu cha kushika. Unaonyesha kwamba mwombaji aliheshimiwa na kupimwa, na unaonyesha pengo lilipo hasa, ambalo si "ujuzi wa mashine" kwa ujumla bali ni upangaji wa joto na usomaji wa hitilafu. Wanajopo wote waweke saini kwenye kila ukurasa pamoja na tarehe. Wale sita walioitwa ambatisha wasifu wao, na kwa wengine jedwali linatosha, kwa kuwa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si busara kusambaza vyeti na namba za simu za watu 47 pasipo haja.

Na ikiwa miongoni mwa hao watano atatokea anayeweza kazi yote, mwajirini yeye. Nalisema hili kwa sababu nimewahi kuulizwa "sasa tumwandikeje ili asionekane", na jibu langu ni kwamba siandiki. Kijana wa Kibaha au wa Mbeya aliyeikalia mashine miaka minne hastahili kuandikwa kuwa hajui anachokijua, na mwombaji aliyepuuzwa ana haki ya kulalamika kwa afisa kazi, naye hufanya hivyo.

Wale walioonekana kukaribia, kama huyo wa namba 14, ndio wanaounganisha uthibitisho wako na mpango wa urithishaji, ambao kifungu cha 7 cha Sheria kinamtaka kila anayemwajiri mgeni awe nao. Waombaji wengi huchukua mpango wa kampuni nyingine wakabadili majina, na ndiyo sababu mipango mingi inasema tu kwamba "mgeni atawafundisha Watanzania". Mpango wako uanze pale jedwali la usaili lilipoishia. Mwajiri waombaji wawili waliofanya vizuri kuwa mafundi wasaidizi, uwataje kwa majina na vyeo, kisha ueleze pengo lilelile litazibwaje: katika miezi sita ya kwanza wanapanga joto la tanuri wakisimamiwa, kufikia mwezi wa kumi na mbili wanapanga wenyewe kwa chupa za ukubwa wote, kufikia mwezi wa kumi na nane wanaondoa hitilafu za kompyuta wakiwa zamu ya usiku bila mgeni kuwepo. Taja nani atapima na kumbukumbu itawekwa wapi. Afisa akisoma jedwali na mpango pamoja, ataona jambo moja linaloeleweka: ujuzi fulani umekosekana, na kuna tarehe ambayo hautakosekana tena. Ombi la mwajiri anayekiri pengo dogo na kuonyesha namna ya kuliziba lina nguvu kuliko la yule anayedai nchi nzima haina fundi.

Nyaraka zenyewe si nyingi kama watu wanavyohofia, na unaweza kuzipanga kwa makundi mawili. Kwa upande wa kampuni utahitaji barua ya maombi kwa Kamishna wa Kazi inayoeleza nafasi na sababu zake, cheti cha usajili kutoka BRELA pamoja na katiba ya kampuni, leseni hai ya biashara, cheti cha namba ya mlipakodi na uthibitisho kwamba hamdaiwi kodi, muundo wa uongozi unaoonyesha nafasi ya mgeni na za Watanzania wanaofanya kazi chini yake, kisha ule ushahidi wa utafutaji na mpango wa urithishaji. Kwa upande wa fundi kuna fomu ya maombi, TFN 901, iliyojazwa bila kuacha nafasi wazi, picha zake za pasipoti, nakala ya hati yake ya kusafiria, wasifu wake, vyeti vya elimu na vya uzoefu, maelezo ya majukumu, na mkataba wa ajira uliosainiwa na pande zote mbili.

Kati ya hizo, vyeti vyake ndivyo vitakavyokusumbua, kwa sababu vimeandikwa Kituruki. Vitahitaji tafsiri rasmi ya Kiswahili au Kiingereza iliyofanywa na mfasiri anayetambuliwa, na tafsiri iambatane na nakala ya cheti chenyewe. Tazama pia kama vyeti hivyo vinathibitisha ule ujuzi ambao Watanzania walikuwa wameukosa kwenye usaili. Hili husahaulika mara nyingi mno. Kama mlimwacha mwombaji namba 14 kwa kutoweza kusoma hitilafu za kompyuta, halafu cheti cha mgeni ni cha uchomeleaji, maombi yenu yatakuwa yamejiangusha yenyewe. Mwombe mtengenezaji wa mashine barua inayoeleza mafunzo aliyompa fundi huyo juu ya aina hiyo ya mashine, na muda aliofanya nayo kazi. Jina lake lifanane herufi kwa herufi kwenye hati ya kusafiria, vyeti, mkataba na fomu.

Fundi kama huyu huingia kwenye Kundi C la vibali vya kazi, ambalo kwa kanuni za 2016 ada yake ni dola 1,000 za Marekani. Kundi B, lenye ada ya dola 500, limewekewa taaluma zilizotajwa, wakiwemo wataalamu wa afya, wa mafuta na gesi, na walimu wa sayansi na hisabati, kwa hiyo msijaribu kumwingiza huko kwa sababu ya nafuu ya ada. Anayeomba ni mwajiri, siyo mgeni, na maombi hupelekwa kwa mfumo wa kielektroniki. Changanua kila waraka kama faili lake lenye jina linaloeleweka, na jedwali la usaili lichanganuliwe kwa uwazi unaoruhusu kusoma maandishi madogo, kwani jedwali lisilosomeka ni sawa na jedwali ambalo halipo.

Katika kuwasilisha upya, usitume faili la zamani lililoongezwa karatasi mbili. Kama tangazo la awali halikuwepo au lilikuwa na kasoro, hakuna njia ya kulitengeneza kwa kurudisha tarehe nyuma, na atakayekushauri hivyo anakupeleka kwenye kosa la kughushi. Tangaza upya. Kwa hesabu yangu, wiki moja ya kuandika majukumu, tatu za tangazo, mbili za uchujaji na usaili, na moja ya kukamilisha mpango na nyaraka zinafanya wiki saba, na bosi wako aambiwe hivyo mapema ili asimkatie fundi tiketi. Kama mashine haiwezi kusubiri, hapo ndipo mtu wa mtengenezaji anaweza kuja kwa viza ya biashara kuisimika wakati utafutaji ukiendelea, mradi mtu huyo asianze kuhesabiwa kwenye zamu. Maombi yakikataliwa tena na mkaona mmeonewa, Sheria inawapa nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri, lakini rufaa itasomwa kwa nyaraka zilezile, hivyo nguvu zenu ziwekwe hapa kwanza.

Kibali kikitoka, kitakuwa cha kipindi kisichozidi miezi 24 na kitamtaja mwajiri na kazi, kwa hiyo hamtaweza kumhamishia kwenye kazi nyingine au kumkopesha kwa kampuni dada. Ndipo mnakwenda Idara ya Uhamiaji kwa ajili ya kibali cha ukaazi, kwani hiki cha kazi hakimpi haki ya kuishi nchini. Jedwali la usaili na mpango wa urithishaji visirudi kabatini. Mkija kuomba kuhuisha kibali, afisa atafungua ukurasa ule wenye miezi ya kumi na mbili na kumi na nane, na atataka kujua mwombaji namba 14 amefika wapi.